Trasti tatu, boti moja: nilivyoweza kuzitenganisha

Waliosoma sheria ya ikwiti wanaijua hii kero ya trasti, yaani mali kushikwa na mtu mmoja kwa faida ya mwengine: unapewa trasti ya wazi, trasti ya kurejea na trasti ya kubandikwa, maana zake zote unazishika vizuri tu, halafu linaletwa suali la kesi unabaki unaliangalia. Mimi kilichonifaa ni kuacha kuanza na maana. Nilichukua boti moja ya kuvulia ya huku kwetu Wete, faiba yenye mashine ya hospawa kumi na tano, nikawa nabadilisha stori tu, boti ile ile ami yule yule, na kila stori nauliza kwa mpango huu: kuna mtu kasema wazi kwamba mali ni ya mwengine? Kama hakuna, pesa ya kununulia imetoka kwa nani? Na kama hapo napo hakujibiki, huyu alieshika mali kafanya jambo ambalo mahakama haiwezi kumwacha akae na faida yake? (Hii ni ikwiti ya Kiingereza ndo tunayosomeshwa, mirathi ya Kiislamu na wakfu ni mlango mwengine, msichanganye.)

Tuanze na ya wazi kwa sababu ndo nyepesi. Mwenye boti anaumwa, anamwita ndugu yake, ndo huyo ami, mbele ya watu anamwambia "boti nakukabidhi, ishike kwa ajili ya wanangu wawili, mapato yao, wakishakuwa wakubwa uwape". Nia ipo, mali inajulikana, wanufaika wanajulikana, na hayo matatu ndo yale ya Knight v Knight ya 1840 ambayo mwalimu hachoki kuyataja. Sasa badilisha maneno kidogo, aseme "boti nakuachia, najua utawaangalia wanangu". Hapo katoa matumaini yake tu, hakumfunga mtu, kisheria boti ni ya ami na lililobaki ni yeye na Mola wake. Au aseme "baadhi ya vyombo vyangu washikie watoto", vyombo gani? Mali haina uhakika, trasti inaanguka. Na si lazima mtu atamke neno trasti, katika Paul v Constance ya 1977 bwana alikuwa akimwambia mwenzake mara kwa mara kwamba pesa za kwenye akaunti ni zake kama zilivyo za yeye, akafa, mahakama ikasema maneno yale yanatosha. Kwa boti au pesa mdomo unatosha, ila ikiwa ardhi Waingereza wanataka ushahidi wa maandishi uliotiwa saini.

Sasa ya kurejea, na hapa ndo penye utamu. Hakuna aliyesema kitu. Boti na mashine vimenunuliwa milioni tisa, shangazi katoa sita, ami katoa tatu, risiti na usajili vyote jina la ami kwa sababu yeye ndo alokwenda kununua. Sheria inaanza kwa kudhani kwamba shangazi hakutoa milioni sita bure, kwa hiyo ami anashika boti lakini thuluthi mbili ni za shangazi, thuluthi moja yake. Wazo la zamani sana, lipo kwenye Dyer v Dyer ya 1788. Na angalia hesabu inavyokwenda, boti ikija kuuzwa milioni kumi na mbili shangazi hachukui sita zake, anachukua nane. Ikiuzwa milioni sita anachukua nne, hasara nayo ni yake.

Nilikuwa namuelezea shangazi mwenyewe jikoni, anaparua samaki, akanikatiza, "kwani mie nilivompa kaka pesa ya kutengeneza mashine mwaka juzi, na mie nna hisa?" Nikamwambia hapana shangazi, kwa njia hii hapana, kinachoangaliwa ni nani alichangia bei siku ya kununua, pesa za mafuta na spea zilizokuja baadae hazikupi hisa zenyewe kwa zenyewe. Hakupenda. Akasema sheria ya wazungu haina adabu, akaendelea na samaki wake.

Kitu chengine ambacho kinaangusha watu kwenye mtihani: ile ni dhana tu, inavunjika. Ami akithibitisha kwamba zile sita zilikuwa zawadi, imekwisha. Akithibitisha zilikuwa mkopo, shangazi ni mdai, anarejeshewa sita zake na boti haimuhusu hata ipande bei vipi. Na baba akimnunulia mwanawe kitu kwa jina la mtoto, Waingereza wa zamani wanageuza dhana, wanadhani ni zawadi mpaka ionyeshwe vyengine. Kwa hiyo ukiona kwenye suali kuna neno kama "utanilipa ukipata" kwenye meseji ya simu, jua limewekwa makusudi.

Kuna sura nyengine ya kurejea ambayo haihusu manunuzi. Shangazi kampa ami laki tano za nauli na matibabu ya mgonjwa kwenda Dar, kasisitiza ni za hilo tu, mgonjwa akafariki kabla ya safari. Pesa haziwi za ami, zinarudi kwa alozitoa. Trasti iliyoshindwa kufanya kazi yake inamwachia mali mwenyewe wa mwanzo.

Ya kubandikwa sasa. Hapa usitafute makubaliano wala usitafute alotoa pesa, mahakama inambandika mtu kwa sababu ya alichokifanya. Kesi yake ni Keech v Sandford ya 1726 na ukiileta Wete inaingia bila kukatwa. Ami anamshikia mtoto yatima kibanda cha kuuzia samaki, cha kukodi. Mkataba unaisha, mwenye kibanda anasema mtoto simkodishi. Ami anajikodishia mwenyewe, kwa pesa yake, hajamuibia mtu, na mtoto asingekipata kibanda hata ami angejitoa. Mahakama ya Uingereza (kwao lilikuwa soko la Romford) ikasema hata kama hakuna hila, kibanda kipya na faida yake ni vya mtoto. Mimi mwanzo niliona ni uonevu, lakini wakiruhusu hilo basi kila mshika mali atajitahidi mkataba usihuishwe, na nani atathibitisha kwamba hakujitahidi vya kutosha kumhuishia mtoto?

Fupi zaidi: umemtuma kijana akuuzie boti, mnunuzi akampa laki tatu pembeni ili ashushe bei. Zile laki tatu hukuzitoa wewe, hujawahi kuziona, lakini kijana anazishika kwa ajili yako, Mahakama ya Juu ya Uingereza imelisema hilo 2014.

Masuali mengi ya mtihani yanachanganya. Mfano ami yule wa milioni tisa kauza boti kimya kimya milioni kumi na mbili, kanunua gari. Wengi wanarukia ya kubandikwa kwa sababu kuna ubaya. Mimi naanza na risiti ya siku ya kwanza: hisa ya shangazi ilizaliwa pale, nayo ni ya kurejea, ile thuluthi mbili. Ubaya wa ami umekuja baadae, haukumpa shangazi hisa, umempa njia ya kuifuata mpaka kwenye gari, na hata wadai wengine wa ami wakija kulikamata, thuluthi mbili zile si za kukamatwa kwa deni la ami.