Saa sita ya nani?

Jumamosi asubuhi binti yangu alikuwa ameshika simu yangu. "Mama, simu inasema tisa, wewe unasema saa tatu. Nani muongo?"

Nilicheka, halafu nikaikumbuka ile kaunta buku ya zamu kazini.

Zamu yangu ilikuwa saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa Julai, na mnaujua upepo wa Dodoma wa Julai: vumbi lilipenya hata chini ya mlango wa chumba cha seva, tukawa tunaziba kwa tambara bichi. Saa tisa usiku likaja onyo kwamba diski ya databesi imefika asilimia 82, yaani GB 164 kati ya 200.

Sababu niliipata haraka. Mkongo wa intaneti ulikuwa umekatika, na replika yetu, yaani nakala ya databesi iliyoko Dar, haionekani. Postgres, databesi tunayotumia, huandika kila badiliko kwenye mafaili ya pg_wal, MB 16 kila moja, kisha huyafuta au kuyatumia upya yakishamaliza kazi. Ukiiwekea replika slot, umeiambia databesi isiguse faili lolote ambalo replika haijalisoma. Ni kama karani wa posta asiyetupa barua hata moja mpaka mwenyewe aje, hata akikaa mwezi.

```
SELECT slot_name, active FROM pg_replication_slots;
```

Chini ya active palikuwa na herufi moja tu, f. Hakuna anayesoma, barua zinarundikana.

Kuyafuta mafaili yale kwa mkono ni kuiua databesi. Kuiondoa slot inawezekana, na nafasi inarudi, ila replika ingebidi ijengwe upya tangu mwanzo, na uamuzi huo haukuwa wangu. Mwenye databesi nilimpigia mara nne, hapatikani. Watu wa mkongo wakasema "asubuhi itakuwa sawa". Basi nikapiga hesabu: diski inaongezeka GB 6 kwa saa, zimebaki 36, kwa hiyo ni saa sita kuanzia sasa. Seva zetu zilikuwa zinatumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na skrini ilisomeka 00:00. Itajaa 06:00.

Nikaandika kwenye kaunta buku, kwa kalamu nyekundu kabisa:

"Databesi: diski 82%, inaongezeka GB 6 kwa saa, slot ya Dar haisomi. ITAJAA SAA 6. Onyo nimelinyamazisha hadi muda huo. Mwenye databesi aamue kuhusu slot."

Kabla ya kuondoka nikaongeza mstari: "Saa 12 asubuhi: 91%." Mwenzangu wa asubuhi nilipishana naye mlangoni, bado ana kofia ya pikipiki kichwani. "Vipi dada, salama?" Nikamwambia, "Salama, soma daftari."

Salama! Neno hilo bado linaniuma kuliko ile sita.

Nilikuwa usingizini simu ilipolia. Hakusalimia. "Dada, uliandika saa sita!" Nikajibu, "Ndiyo, saa sita." "Sasa ni saa tatu na databesi imekufa!" Tukanyamaza wote wawili. Akanitumia picha ya ukurasa na picha ya skrini. Kwenye skrini kulikuwa na PANIC, na mwishoni "No space left on device". Kwenye ukurasa kulikuwa na mwandiko wangu. Nililikodolea macho lile 6 jekundu huku nikihesabu kwa vidole kama mtoto: 06:00 ya seva ni 09:00 ya ukutani, na 09:00 ya ukutani ni saa tatu ya mdomoni. Yeye alisoma saa sita mchana, kama ambavyo mama yangu angesoma. Mstari wa chini nilikuwa nimeandika saa kumi na mbili ya Kiswahili, kwa mkono uleule, ukurasa uleule.

Tena ilijaa dakika kumi kabla, maana ofisi zilishafunguliwa na watumiaji wameongezeka. Na kengele haikulia, kwa sababu nilikuwa nimeinyamazisha mpaka dakika ileile ya kifo.

Waliongeza GB 50 kwenye diski, wakaiwasha, ikajirekebisha yenyewe. Kufika saa tano ilikuwa hewani, na hakuna data iliyopotea. Mwenye databesi alipopatikana aliweka kikomo kwenye max_slot_wal_keep_size, ambacho mpaka siku hiyo kilikuwa -1, yaani slot ihifadhi bila ukomo.

Kwenye kikao nilijitetea kwamba mwenzangu angeweza kugawa: kwenye 91% zimebaki GB 18, gawa kwa 6, unapata saa tatu. Ni kweli. Lakini nani anapiga hesabu wakati mwenzake ameshamwandikia jibu kwa herufi kubwa? Ikaamriwa kila muda uandikwe mara mbili, wa seva na wa kwetu. Tulifuata kama wiki mbili hivi.

Binti bado alikuwa ananitazama. Nikamwambia hakuna muongo. Akaiangalia simu, akaniangalia mimi, akaenda kumuuliza baba yake.