Nilivyomkamata aliyekuwa anaangusha laptopu yangu

Mwezi Machi laptopu yangu ilianza kuzima ghafla na ile skrini ya bluu, mara niko katikati ya kazi, mara nimeiacha tu nikirudi nakuta imejiwasha upya, na kila mtu niliyemwambia jibu lake moja: ni apdeti za Windows hizo. Fundi akataka kunipigia Windows upya kabisa. Mimi nina mahesabu ya duka la miaka mitatu mle ndani, sikutaka, nikamwambia bro nipe siku mbili kwanza.

Nikabonyeza kitufe cha Windows na R, nikaandika hii:

```
perfmon /rel
```

Inafunguka Reliability Monitor, kalenda ya afya ya mashine. Juu kuna mstari wa bluu wenye alama kati ya 1 na 10, chini yake kila siku ina safu yake, duara jekundu lenye X ni kitu kimeanguka, alama ya bluu yenye i ni kitu kimewekwa, mfano apdeti au draiva. Ukibofya siku, chini inakupa kila tukio na saa yake.

Watu wengi wanaishia kuutazama ule mstari, mimi nikachukua daftari nikarudi nyuma hadi siku ya mwisho ambayo mashine ilikuwa safi kabisa, halafu nikaanza kuandika kwa kwenda mbele. Tarehe 6, Alhamisi, kuna "Successful driver installation". Tarehe 8 asubuhi, "Windows was not properly shut down". Tarehe 12 apdeti za Windows, kadhaa kwa mpigo. Tarehe 13, 15 na 18, skrini ya bluu.

Ukiangalia harakaharaka unasema ni apdeti, si imeingia tarehe 12 na kesho yake ikaanguka? Ndo hapo ile ya tarehe 8 ikawa na maana. Nikabofya View technical details, maelezo yanasema kuzima kwenyewe kulitokea tarehe 7 saa tatu na dakika arobaini usiku, yaani Windows inaandika tukio wakati mashine inawaka tena, sio wakati inakufa. Nikakumbuka usiku ule skrini ya bluu ilitokea, nikashikilia kitufe cha pawa nikaenda kulala. Kwa hiyo kuanguka kwa kwanza kulikuwa siku tano kabla ya apdeti, apdeti haihusiki. Ila angalia, umeme ukikatika na betri yako ni mbovu utapata maneno hayohayo, kwa hiyo usiyahesabu kama huna kumbukumbu nyingine.

Zile tatu za mwisho zilikuwa na "BlueScreen" na Code: d1 zote. Hiyo d1 ni DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, draiva imegusa kumbukumbu mahali na wakati isiporuhusiwa, na mara nyingi ni draiva za mtandao. Haikutaji jina la draiva, lakini msimbo kuwa uleule mara tatu kuliniambia mkosaji ni mmoja, maana ramu mbovu kwa kawaida hutoa misimbo tofautitofauti.

Sasa draiva ya tarehe 6 ni ya nini? Kwenye kalenda siku hiyo hakuna programu yoyote iliyowekwa. Hapa ndo historia hii ina tundu: programu inayokuja na instola yake ya exe isiyopitia Windows Installer haiandikwi. Nikaenda Settings, Apps, Installed apps, nikapanga kwa tarehe, nikaikuta: VPN ya bure niliyoidaunlodi tarehe 6 nikaitumia mara moja nikaisahau, nayo ilikuwa imeweka adapta yake ya mtandao inayowaka kila mashine ikiwaka.

Nikaifuta, nikaingia Device Manager kwenye Network adapters nikakuta ile adapta bado ipo, nikaifuta nayo. Usisahau hatua hiyo maana programu inaweza kuondoka ikaacha draiva.

Ilikuwa inaanguka kila baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo siku nne za utulivu zisingenithibitishia kitu, nikasubiri wiki mbili. Hakuna duara jekundu hata moja. Ule mstari wa bluu ulipanda taratibu sana maana unabeba matukio ya wiki zilizopita, usiogope ukiuona bado uko chini.

Kama orodha yako ni ndefu, PowerShell inakupa yote kwa mpangilio wa tarehe:

```
Get-CimInstance Win32_ReliabilityRecords |
  Sort-Object TimeGenerated |
  Select-Object TimeGenerated, SourceName, ProductName
```

Fundi nilimpelekea daftari, akaniomba alipige picha.