Mifereji myeusi Shela: mlioniambia "haionyeshi uchafu" mko wapi?

Kila niliyemuuliza ninunue mifereji ya maji ya chooni ya rangi gani alinijibu vilevile: chukua nyeusi isiyong'aa, uchafu hauonekani. Labda kwao. Sisi Shela, kisiwani Lamu, maji ni ya visima vya mchangani, yana chokaa, na tone likikauka huacha duara jeupe. Juu ya mfereji mweusi duara hilo ni kama unga uliomwagikia buibui.

Nyumba ninayoisimamia ni ya wageni, na tajiri wangu alishaamua vyoo vyote viwekwe nyeusi. Nikamwambia, "Bwana, nipe ruhusa nijaribu kwanza." Nikajaza chupa maji yetu wenyewe, nikaenda nayo hadi duka la vifaa Malindi. Muuzaji alicheka mpaka akaita wenzake. Nikadondoshea kila mfereji tone moja, tukaiacha chini ya panka ikauke, mimi huyo nikaenda kunywa chai.

Niliporudi hakuna aliyecheka. Kwenye kromu doa lilionekana, lakini kitambaa kibichi kililiondoa lote. Nikeli ya mistarimistari ilibidi niigeuzegeuze mwangani ndipo nilione. Nyeusi ilikuwa na duara lake, na nilipopangusa likabaki ukungu.

Shaba njano tupu, isiyo vanishi, sikuhitaji kuijaribu. Ipo nyumba ya mamangu. Imeshakuwa ya hudhurungi na doa halijulikani tena liko wapi. Ukiisugua kwa ndimu na jivu kama dele la kahawa itang'aa, kisha madoa yaanze upya, kwa hiyo iache. Ile ya vanishi ndiyo ya kuogopa huku pwani: ikikwaruzika mahali pamoja tu, chumvi huingia chini ya vanishi na weusi unatambaa, wala hakuna kitambaa kitakachoufikia.

Tajiri akakubali nikeli, ila choo kimoja akang'ang'ania nyeusi. Haya. Kijana wa usafi akaisugua kwa waya wa sufuria, chokaa ikatoka kweli, na rangi nayo ikabaki mabaka yanayong'aa. Hayo hayarudi. Sasa tunatumia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: kitambaa kinalowekwa, kinazungushiwa mfereji dakika chache, halafu unasuuza na kukausha. Siki isilale hapo usiku, hata kwenye kromu. Nikeli ifutwe kufuata mistari yake.

Bei? Nyeusi ilizidi kromu kwa elfu mbili tatu hivi, na kuna kromu rahisi kuliko zote ambayo sikuigusa. Ukishika mfereji ni mwepesi, chungulia ndani chini pale mpira unapofungwa. Ukiona chuma cha kijivu badala ya manjano, hiyo ni zinki, na kwa hewa yetu ya bahari kromu yake itafura vipele na kubanduka. Vipele hivyo si chokaa. Utaviwekea siki mpaka uchoke.