Jinsi tulivyoushusha upepo wa kaskazi hadi kwenye madawati

Darasa letu moja la shule ya msingi hapa Tanga lina madirisha pande zote mbili, na bado kuanzia Desemba hadi Machi watoto walikuwa wakisinzia saa tano asubuhi huku jasho likiwatiririka. Nilipopewa kazi ya kusimamia ukarabati, wazazi wengi walitaka tununue pangaboi, basi. Mimi niliomba kwanza tujue upepo unapita wapi.

Kipimo changu kilikuwa kijiti cha udi. Kaskazi ilipoanza kuchangamka nilikaa kwenye dawati la katikati, nikakiwasha na kukishika usawa wa uso wa mtoto aliyeketi. Moshi ulipanda wima, taratibu. Nikasimama na kukiinua juu ya kichwa, moshi ukalala papo hapo na kukimbilia upande wa baraza. Upepo ulikuwemo darasani, ila watoto walikuwa chini yake.

Chanzo chake ni ukuta ulio chini ya dirisha. Shule nyingi huuinua hadi mita 1.2 au zaidi ili wanafunzi wasivutwe na ya nje, wakati uso wa mtoto aliyeketi uko kama mita 1 kutoka sakafuni. Upepo unaougonga ukuta huo hupanda nao, ukiingia dirishani tayari unaelekea juu, na haushuki mpaka utokee upande wa pili. Isitoshe, vioo vyetu vya aluminiamu vilikuwa vya kusogeza, kwa hiyo hata dirisha likiwa wazi kabisa nusu yake imezibwa.

Upande wa kaskazini tulibomoa sehemu ya ukuta chini ya kila dirisha, kuanzia sentimita 40 hadi 85 kutoka sakafuni, tukajenga matofali ya matundu. Nguzo na mkanda wa zege hatukuvigusa. "Mwalimu, hapo nyoka ataingia," fundi akaniambia, na alikuwa na haki. Tukaweka wavu wa chuma nyuma ya matofali. Wavu wa mbu niliukataa, maana unaukaba upepo mno, na hawa ni watoto wa kutwa. Vioo vya kusogeza vikatoka, zikaja luva ambazo hufunguka karibu zote.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa upande wa baraza, ambako wengi hawaangalii. Hewa haiingii chumba ambacho haina pa kutokea. Kule kulikuwa na madirisha mawili madogo na mlango ambao hufungwa kwa sababu ya kelele. Tukafungua safu ndefu ya matundu chini ya mkanda, mpaka eneo la kutokea likazidi kidogo lile la kuingilia. Hapo tulihesabu uwazi wenyewe, kwa kuwa tofali la matundu sehemu yake kubwa ni saruji.

Kuna saa ambazo upepo hunyamaza, hasa asubuhi. Hapo ndipo joto lenyewe linapotumika. Darasa halina dari, na hewa ya moto hukusanyika chini ya mabati bila njia ya kutoka. Tulitoboa pembetatu za ukuta chini ya paa, ncha zote mbili, tukaweka wavu wa kuzuia popo. Sasa hewa ya moto hutoka juu, na nyingine huingia kwa matofali ya chini. Nguvu yake si kubwa: kwa kimo cha mita 4 na tofauti ya nyuzi 5, upepo mwepesi wa mita 2 kwa sekunde husukuma takribani mara 3 zaidi. Tena haiwezi kulifanya darasa liwe baridi kuliko nje. Inaondoa tu joto lililorundikana.

Baada ya hayo ndipo tukanunua pangaboi mbili. Pangaboi haipozi hewa wala haileti mpya. Inapuliza ngozi jasho likauke, na hewa ikipita mwilini kwa kama mita 0.8 kwa sekunde mtu huhisi nafuu ya karibu nyuzi 3. Tulizitundika kwa bomba refu, mapanga yakawa mita 2.6 kutoka sakafuni, mbali na joto la mabati. Zikizunguka huchanganya hewa ya juu na ya chini, na ule mvuto wa kwenda juu hupungua, kwa hiyo tunaziwasha upepo ukikatika tu, madirisha yakiwa wazi. Taa tulizihamishia chini ya usawa wa mapanga, la sivyo kivuli kinachezacheza kwenye madaftari.

Kusi ikianza, mambo hugeuka: hewa huingia juu upande wa baraza na kutokea chini kaskazini, na udi unaonyesha kwamba madawati ya kati hupata kidogo. Kwa kuwa miezi hiyo ina ubaridi, tumeacha hivyo. Kilichobaki ni mvua za vuli, ambazo hupenya matofali ya chini, na fundi anasakafia upya kingo zake ziinamie nje.