Mwani ukianza kuwa mweupe

Wenzangu wa Moshi mliowekeza kwenye mashamba ya mwani kule Tanga, mkitumiwa picha ya mwani mweupe msikimbilie kusema ni ugonjwa wa aisi-aisi. Mwambieni aliyeko shambani aukamate aone kama ni mgumu au umelainika.

Weupe wa jua hutokea juu, kwenye ncha zilizobaki wazi maji ya bamvua yalipokupwa. Samaki kama tasi huacha alama za kung'ata, na nyama iliyobaki ni ngumu. Aisi-aisi mara nyingi huanza katikati ya tawi: kipande hupauka, kinalainika, kisha tawi hukatikia hapohapo na ncha yake nzima huchukuliwa na maji. Hapo ndipo hasara kubwa ilipo.

Chanzo cha aisi-aisi ni mwani kuchoshwa na maji ya moto, mvua inayopunguza chumvi au maji yasiyotembea, bakteria humalizia. Mwani aina ya kotoni huumia kuliko aina ya spinosamu.

Weupe ukiwa kwenye matawi machache, kata chini yake, kwenye sehemu ngumu yenye rangi, na vipande vyeupe vipelekwe nchi kavu. Ukishaenea kamba nzima, vuna mara moja vilivyo vizima mkaushe. Mbegu msichukue humo kabisa.