Friza au barafu: nilivyoitengeneza upya karuseli iliyokuwa imeshaamua

Natengeneza matangazo ya Instagram kwa maduka matatu ya hapa mjini Unguja. Moja liko Darajani na linauza vyombo vya umeme. Mwenyewe ni mtu mzima, namwita mzee wangu, na siku moja aliniambia wateja wake wengi ni wachuuzi wa samaki wanaouliza kama friza ina faida kuliko kununua barafu kila siku. Akataka nimtengenezee karuseli, zile picha za kuburuza kwa kidole, ya kulinganisha hayo mawili. "Walinganishie tu," alisema, "wao wenyewe wataona."

Nikaitengeneza kwa usiku mmoja, kurasa nane, na niliipenda. Kabla ya kuirusha nikaenda nayo Mkokotoni kwa mama mdogo, ambaye ana miaka mingi katika uchuuzi wa samaki. Hununua kwenye mnada pwani, hubeba kwenye deli, huuza mtaani. Nilitaka anihakikishie bei ya barafu, basi.

Alivaa miwani, akaburuza mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa tatu. "Mwanangu, mbona barafu umenihesabia kwa mwaka na friza umeihesabu kwa siku?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimeandika hivi: Barafu, shilingi 864,000 kwa mwaka. Friza, shilingi 411 tu kwa siku. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi. Barafu yake ni 3,000 kwa siku, siku 24 za kazi kwa mwezi, kwa hiyo 72,000 kwa mwezi na 864,000 kwa mwaka. Friza ya lita 200 dukani ilikuwa 750,000, na ukiigawa kwa miaka mitano inatoka shilingi 411 kwa siku. Hakuna uongo hata mmoja, na ukurasa mzima ni uongo. Ningeviweka vyote kwa mwezi ingekuwa 72,000 kwa 12,500, na hapo msomaji angeuliza mara moja: na umeme?

Umeme nilikuwa nimeuweka ukurasa wa saba, kwa maandishi madogo. Nilisema 11,000 kwa mwezi, kwa kuangalia tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla, ya jirani mwenye friza kama ile, na nikatoa hitimisho kubwa: unaokoa 61,000 kwa mwezi, friza inajilipa ndani ya mwaka. Ukigawa 750,000 kwa 61,000 unapata miezi 12 na siku kadhaa. "Ndani ya mwaka" ilisikika vizuri zaidi, nikaizungusha kwenda chini.

Lakini kosa lililoniuma zaidi sikulijua mpaka mama mdogo aliponieleza kazi yake ilivyo. Friza haiendi pwani. Samaki anatoka mnadani, anakaa kwenye deli saa tatu au nne, na bila barafu kwa joto letu hakuna cha kuleta nyumbani. Utaratibu anaoufuata ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, akitandika barafu chini, samaki, barafu tena juu. Kwa samaki atakayeuzwa leo, barafu ni bora hata kuliko friza, kwa sababu inayeyuka taratibu ikimgusa samaki pande zote na inamshika karibu na sifuri bila kumgandisha. Friza ya nyumbani humgandisha polepole. Maji ndani ya nyama hugeuka chembe kubwa za barafu, chembe zinapasua nyama, na akiyeyushwa anatoa maji mengi na nyama inalegea. Mnunuzi anambonyeza kwa kidole, anajua, anashusha bei.

Kwa hiyo mwenye friza hajaacha kununua barafu. Anaendelea kununua kama nusu yake. Karuseli yangu ilikuwa inalinganisha vitu viwili ambavyo havifanyi kazi moja.

Tukakaa barazani na daftari lake. Anayenunua friza anatoa 750,000, na stabilaiza 60,000 kwa sababu umeme ukishuka na kupanda ndio unaoua mota. Jumla 810,000 siku ya kwanza. Kila mwezi umeme 11,000, akiba ya fundi tuliiweka 3,500, na barafu ya pwani 36,000. Hiyo ni 50,500. Asiye na friza anatoa 72,000. Tofauti ni 21,500 kwa mwezi, na 810,000 inarudi baada ya miezi 38. Miaka mitatu na zaidi, badala ya mwaka wangu mmoja.

Hapo nilitaka kuandika "friza haifai" na kulala. Mama mdogo akanizuia. "Na siku nikibakiwa?" Siku anayobakiwa na samaki hulazimika kuwatoa kwa bei ya kutupa jioni. Akiwa na friza angewauza kesho, si kwa bei ya samaki mbichi, ila angeokoa kwa makisio yake 2,500 kila siku ya namna hiyo. Yeye hubakiwa mara mbili tatu kwa mwezi. Lakini ana mwenzake anayebakiwa siku kumi. Kwa huyo, 25,000 zinaongezeka kwenye zile 21,500, inakuwa 46,500 kwa mwezi, na friza inajilipa kwa miezi 17 na nusu. Bei ile ile, mtaa ule ule, majibu mawili. Nikajua ukurasa wangu mkubwa unapaswa kuuliza swali moja: kwa mwezi unabakiwa na samaki siku ngapi?

Niliporudi mjini nikaifungua kazi upya na kuikagua kama ninayemkagua mtu mwingine. Rangi: barafu nilikuwa nimeipa nyekundu, friza kijani. Jicho lilikuwa limeshaambiwa la kufanya kabla ya kusoma. Nikatumia bluu na zambarau, rangi ambazo hazimwambii mtu simama wala pita. Picha: friza ilikuwa ya kiwandani, inang'aa, na barafu nilikuwa nimeipiga ikiwa tope chini ya meza. Nikaenda kupiga zote mbili kwa simu yangu, asubuhi, friza iliyotumika nyumbani kwa jirani na barafu mpya ndani ya deli. Maneno niliyapima kwa kubadilisha majina. Nilikuwa nimeandika "Barafu inayeyuka na pesa yako inayeyuka nayo." Nikaweka friza: "Friza inachakaa na pesa yako inachakaa nayo." Ni kweli vile vile. Sentensi inayomfaa kila mmoja haimlinganishi mtu na chochote, nikaifuta.

Mpangilio wa kurasa ndio ulionichukua muda. Mwanzo nilikuwa nimeweka kasoro za barafu ukurasa wa pili na sifa za friza ukurasa wa tatu. Sasa, mtu akipita karuseli yako Instagram bila kuiburuza, mara nyingi huletewa tena baadaye ikianzia picha ya pili. Wako watakaoona ukurasa wa pili peke yake na kuondoka. Kwa hiyo nikaweka sheria: kila ukurasa ubebe swali moja na majibu mawili, nusu juu nusu chini, herufi za ukubwa mmoja. Kwenye kimo cha 1080 kwa 1350 nafasi inatosha kama maneno ni machache. Anayekuwa juu ukurasa huu anakuwa chini ukurasa unaofuata, maana wa juu husomwa kwanza. Kurasa zikawa sita: unatoa nini siku ya kwanza, unatoa nini kila mwezi, samaki anakuwaje, umeme ukikatika, unabakiwa siku ngapi, na wa mwisho hesabu tupu ambayo msomaji anajaza bei zake mwenyewe.

Mzee wangu hakuipokea kwa furaha. "Mimi nauza friza, nawe unaniandikia miezi 38?" Nikamwomba anieleze ni nani hurudi dukani kugombana naye. Akanyamaza kidogo, akasema ni wale wanaonunua wakidhani hawatanunua barafu tena. Alikubali kwa sharti bei ya dukani ibaki na jina la duka libaki. Nilikubali, nami nikaweka sharti langu: kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa cha habari, iandikwe "Sisi tunauza friza, barafu hatuuzi." Msomaji ana haki ya kujua anaongea na nani kabla hajaamini tarakimu. Na "Njoo dukani leo" ikatoka ukurasa wa mwisho. Anwani iko kwenye wasifu wa duka, anayeitaka ataiona.

Tukairusha Alhamisi jioni. Kabla ya Isha mwanamke mmoja mchuuzi akaandika maneno ambayo nimeyahifadhi: "Hapo kwenye umeme mmeionea friza. Umeme ukikatika, hiyo barafu inatoka wapi?"

Alikuwa na haki. Kwenye ukurasa wa nne nilikuwa nimeeleza kwa kirefu hatari ya friza. Friza iliyojaa isipofunguliwa hukaa baridi kama siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja, baada ya hapo ni hasara. Upande wa barafu niliandika "haitegemei umeme wako." Kweli haitegemei umeme wako, inategemea wa mwenye kuigandisha. Waliokuwepo Unguja wakati waya wa chini ya bahari ulipoharibika, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka miezi mitatu bila umeme. Mama mdogo anasema barafu wakati ule ilikuwa ya wenye jenereta na bei waliipanga wao. Katika kukwepa kumsukumia mtu friza nilikuwa nimeanza kumsukumia barafu, na sikuliona kwa sababu nilijiona nimeshatubu.

Picha iliyokwisha kurushwa huwezi kuiwekea nyingine mahali pake ndani ya karuseli. Nikaifuta yote, nikaandika upya ukurasa wa nne: kukatika kwa saa chache, friza iliyofungwa haidhuriki na barafu inapatikana, kukatika kwa siku kadhaa, mwenye friza anapoteza akiba aliyonayo na mnunuzi wa barafu anakosa au analipa zaidi. Nikairusha tena Ijumaa baada ya swala, na kwenye maelezo nikaeleza nini kimebadilika na kwamba ni mchuuzi aliyetusahihisha.

Mama mdogo hakununua friza. Amepatana na jirani yake, siku anayobakiwa anaweka samaki kwenye friza yake kwa shilingi 500. Jambo hilo halimo kwenye kurasa zangu sita, na juzi aliniuliza mbona sikuliweka.