Sava inafunguka kwa laptopu, simu inazunguka tu: nilivyomalizana na faiwoli ya Windows

Haya, naandika hii nikiwa bado na hasira kidogo, maana kila niliyemuuliza alinijibu "zima faiwoli", ile kinga ya Windows inayochuja maombi ya kutoka nje, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwanza tatizo liko wapi.

Kazi yenyewe ni ukurasa wa oda wa mamkubwa. Anapika mbaazi za nazi, mahamri na viazi karai huku Kisauni, na wateja wake wote wanaagiza kwa simu, sidhani kuna mtu atawasha kompyuta aagize mahamri. Kwa laptopu unaweza kulibana dirisha la Chrome likawa jembamba kama simu, sawa, lakini hapo huoni kibodi ya simu ikipanda na kufunika kitufe cha kuagiza. Lazima ujaribu kwa simu yenyewe. Mwanzo nilikuwa naupandisha ukurasa kwenye intaneti kila nikisogeza kitu kidogo, bando likawa linakwenda mbio, mia hapa mia pale, nikasema hapana, laptopu na simu ziko kwa waifai moja, mezani zimekaa jirani, kwa nini zizunguke dunia nzima ndio zionane?

Natumia Vite kwa Windows, ni programu inayowasha sava ya majaribio ndani ya laptopu. Ukiiwasha hivi hivi inakupa `http://localhost:5173`, na hiyo localhost maana yake ni "mashine hii hii". Ukiiandika kwa simu, simu inajitafuta yenyewe na haipati kitu. Sava nayo inakuwa inasikiliza maombi ya ndani ya laptopu tu, ya kutoka nje haiyajui. Dawa yake:

```
npm run dev -- --host 0.0.0.0
```

Hizo sifuri nne zinaiambia sava isikilize kwa kila adresi ambayo laptopu inayo, ikiwemo ile iliyopewa na rauta. Jamaa mmoja akanishauri niandike 0.0.0.0 kwenye simu. Wapi! Hiyo ni ya kuipa sava, si ya kutembelea. Kwa simu unaandika adresi ya laptopu, Vite yenyewe inaichapisha penye neno Network, yangu ilikuwa `http://192.168.100.7:5173`. Usiisahau http na usiisahau poti, ile namba 5173 ya mwisho.

Nikaandika. Simu ikazunguka, ikazunguka, mwisho `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`.

Hapa ndipo mashauri yalipoanza kumiminika. Mmoja akasema kama ni kosa la sava ungeona "refused" papo hapo, ukiona inachelewa basi ni rauta. Kwa Linux isiyo na faiwoli maneno yake ni kweli, poti ikiwa haina mtu inakataa palepale. Lakini Windows na faiwoli yake ina tabia ya kunyamaza: hata kama poti haina kitu kinachosikiliza, haijibu, kwa hiyo simu inasubiri mpaka ichoke. Kosa moja, sababu mbili tofauti, sava isiyosikiliza au faiwoli inayozuia, na kwa simu huwezi kuzitenganisha.

Basi sikiliza ujanja nilioutumia, huu najivunia wallahi. Kaa kwenye laptopu hiyo hiyo, fungua Chrome, lakini usiandike localhost, andika ile 192.168.100.7:5173. Ombi hilo halitoki nje ya mashine, kwa hiyo faiwoli hailigusi. Likigoma, sava yako bado imejifungia kwa localhost, rudi kwa `--host`. Likifunguka na simu bado inazunguka, sava haina kosa, kuna kinachozuia njiani. Langu likafunguka, mahamri yote yakaonekana. Nikahakikisha pia na hii:

```
netstat -ano | findstr :5173
```

Nikaona `0.0.0.0:5173` na LISTENING. Kabla ya `--host` ilikuwa inaonyesha `[::1]:5173`, hiyo ni localhost kwa vazi la IPv6. Kwa hiyo sava tumeimaliza, kilichobaki ni faiwoli.

Nikafungua PowerShell kama Administrator nikaweka ruhusa ya poti kwa mkono:

```
New-NetFirewallRule -DisplayName "Vite" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 5173 -Action Allow
```

Ikakubali bila neno. Nikashika simu kwa mbwembwe... inazunguka. Nikawasha upya sava, nikawasha upya laptopu, nikawasha upya rauta mpaka mamkubwa akaniuliza kutoka jikoni, "Mwanangu, waifai umeifanya nini?" Ruhusa ipo, naiona kwa macho yangu na alama yake ya kijani, na bado mlango umefungwa. Ningelala nayo hivyo hivyo kama nisingekumbuka laptopu hii ilikuwa ya binamu yangu, na binamu kila kidirisha kinachomrukia anabonyeza Cancel bila kusoma.

Kumbe ndiyo hiyo! Mara ya kwanza Node, programu inayoiendesha Vite, inapotaka kusikiliza mtandao, Windows inakuuliza kama uiruhusu. Ukibonyeza Cancel haimaanishi "niulize baadaye", inakuandikia sheria ya kuizuia Node na haikuulizi tena. Na kwa faiwoli ya Windows, sheria ya kuzuia inaishinda ya kuruhusu. Ruhusa yangu ya poti hata ningeiweka mara mia, ile Cancel ya binamu ingekuwa juu yake.

Andika `wf.msc` kwenye Start, ingia Inbound Rules, shuka mpaka uzione `Node.js JavaScript Runtime`. Zangu zilikuwa mbili, ya TCP na ya UDP, zote na ile duara nyekundu yenye mstari. Nikazifuta zote, nikaifuta na ya kwangu ya poti ili nianze safi, nikawasha sava. Kidirisha kikarudi! Nikatia tiki kwa Private peke yake, yaani mitandao ninayoiamini, nikaruhusu. Public sikuigusa, sitaki Node yangu iwe wazi kila ninapokaa.

Lakini sasa lazima waifai ya nyumbani nayo iwe Private, maana Windows hupenda kuuweka mtandao mpya kuwa Public, na hapo ruhusa yako haifanyi kazi. Bonyeza jina la waifai kwenye Settings, ubadilishe. Nikabadilisha, simu ikafungua hata kabla sijaiweka sawa mkononi. Faiwoli iko palepale, inafanya kazi, wale wa "zima tu" mko wapi?

Ukurasa ukaja ila menyu tupu. Hilo halikunisumbua: kwenye faili nilikuwa nimeandika data itoke `http://localhost:8000`, na kwa simu hiyo tena ni simu yenyewe. Nikaweka adresi ya laptopu, na sava ya data nayo nikaiwasha kwa 0.0.0.0, ikaja.

Kwa waifai ya mkahawa kule Nyali nilijaribu pia, ikagoma kabisa, kwa sababu rauta za namna hiyo mara nyingi haziruhusu vifaa vya wateja kuonana, na hapo hata ufanye nini upande wako haisaidii. Niliwasha hotispoti ya simu, laptopu ikajiunga nayo, nikaiweka Private, nikachukua adresi mpya maana ile ya nyumbani haipo tena, kazi ikaendelea na chai yangu.